Usiizike Tofauti: Mawaidha kwa Karani Kijana wa Hesabu

Mwanangu, nimesikia umeajiriwa kutunza vitabu vya chama cha akiba na mikopo hapa mjini Tanga. Nimesikia pia kwamba umefunga hesabu za nusu mwaka, urari umekataa kukaa sawa, na mwenzako aliyekutangulia kazini amekwambia, "Itupie sasipensi, mambo yaendelee." Basi kaa kitako unisikilize. Mimi kazi ya leja nimeifanya tangu enzi za vitabu vikubwa vya mkono katika ofisi za mashamba ya mkonge, na nimechoka sana kuyasikia maneno hayo. Sitakugombeza. Nataka uielewe akaunti hiyo kabla hujaitupia kitu.

Unajua kwamba kila shilingi katika vitabu huandikwa mara mbili, debiti mahali pamoja na krediti mahali pengine. Mwanachama akileta akiba, fedha za chama zimeongezeka, hiyo ni debiti, na deni la chama kwa mwanachama yule limeongezeka, hiyo ni krediti. Mwisho wa kipindi unakusanya salio la kila akaunti, debiti kushoto na krediti kulia, unajumlisha. Huo ndio urari. Pande mbili zikitofautiana, maana yake ni moja tu: mahali fulani upande mmoja umeandikwa na wa pili haukuandikwa, au umeandikwa kwa kiasi kingine, au umeandikwa upande usio wake, au jumla imekosewa.

Akaunti ya kusubiri, hiyo mnayoiita sasipensi, hufunguliwa hapo. Kiasi cha tofauti huandikwa humo, upande uliopungukiwa, ili urari ukae na kazi nyingine zisisimame. Mfano wake ni mzigo ulioshushwa bandarini bila alama ya mwenyewe. Huwekwa ghalani na kuandikiwa tarehe, lakini mwenye ghala hawi mwenye mali. Akaunti hii haisahihishi chochote. Inakiri tu kwamba kuna kosa la kiasi hiki, halijapatikana, na linatafutwa. Likiacha kutafutwa, kukiri kwenyewe kumegeuka kuwa uongo.

Nitakupa mfano wenye namba, maana maneno matupu hayafundishi hesabu. Tuseme chama cha wavuvi na wachuuzi wa samaki, kimepanga chumba cha ofisi Ngamiani. Tarehe 30 Juni karani anajumlisha urari wake. Debiti ni Sh. 68,400,000. Krediti ni Sh. 67,860,000. Upande wa krediti umepungukiwa Sh. 540,000, kwa hiyo anafungua akaunti ya kusubiri na kuikrediti kiasi hicho.

Sasa aanze wapi kutafuta? Si kwenye stakabadhi za miezi sita. Aanze karibu. Kwanza ajumlishe upya safu mbili za urari, safari hii kutoka chini kwenda juu, kwa sababu jicho lililokosea likishuka lina mazoea ya kukosea palepale likishuka tena. Kisha alinganishe kila salio lililo kwenye urari na salio lililo kwenye leja, aone kama limehamishwa sawasawa na kama limekaa upande wake. Kisha aangalie masalio ya mwanzo wa mwaka kama ni yaleyale yaliyofungwa Desemba. Makosa mengi hukamatwa hapa, kabla chai haijapoa.

Yasipokamatwa, kuna maswali matatu ya kuiuliza ile tofauti yenyewe. La kwanza, je, kuna muamala wowote wa Sh. 540,000 kamili? Ukiwepo, huenda umeandikwa upande mmoja tu. La pili, nusu yake ni ngapi? Ni Sh. 270,000. Kiasi kinachotakiwa kuwa krediti kikiandikwa debiti, urari unapotoka kwa mara mbili ya kiasi hicho, kwa hiyo tafuta Sh. 270,000 iliyokaa upande usio wake. La tatu, je, inagawanyika kwa 9? Tarakimu mbili zilizopakana zikibadilishana nafasi, tofauti inayotokea siku zote hugawanyika kwa 9. Chukua 63 ikaandikwa 36: tofauti ni 27, yaani 9 mara 3, na 3 ndiyo tofauti ya 6 na 3. Hata sifuri ikidondoka mambo ni hayohayo. Sh. 450,000 ikiandikwa 45,000, tofauti ni 405,000, nayo inagawanyika kwa 9. Katika mfano wetu, 540,000 ukiigawa kwa 9 unapata 60,000, kwa hiyo unatafuta kiasi ambacho tarakimu zake mbili zinapishana kwa 6, kama 820,000 iliyoandikwa 280,000.

Karani wetu anauliza yote matatu. Hakuna muamala wa 540,000. Hakuna 270,000 iliyokaa upande mbaya. Hakuna tarakimu zilizopishana kwa 6. Vijana wengi huchoka hapa, na hapa ndipo ninapotaka ufungue macho. Maswali yale matatu hufaa pale kosa linapokuwa moja. Yakikosa jibu, yamekuambia jambo kubwa: huenda makosa ni zaidi ya moja, na tofauti unayoiona ni kile kilichobaki baada ya makosa hayo kupunguzana yenyewe kwa yenyewe. Sh. 540,000 inaweza kuwa mabaki ya makosa ya mamilioni. Ndiyo maana sikubali mtu aniambie, "Tofauti yenyewe ndogo, mzee, haina haja." Udogo wa tofauti hausemi lolote kuhusu ukubwa wa makosa yaliyoizaa.

Basi sasa ndipo unarudi kwenye kazi ya kutia tiki. Unachukua daftari la fedha, mstari kwa mstari, unaufuata kila muamala mpaka kwenye leja, unaweka tiki ya penseli kotekote. Mstari usio na mwenzake unabaki bila tiki, unaonekana. Kwa karani wetu, yanajitokeza makosa matatu.

La kwanza liko kwenye akiba. Mwanachama mmoja, mama muuza samaki, alileta Sh. 630,000. Daftari la fedha limeandikwa 630,000. Kwenye leja ya akiba pameandikwa 360,000. Krediti imepungua Sh. 270,000. Chukua kitabu cha stakabadhi uitazame ile nakala ya kaboni. Chini ya tarakimu pameandikwa kwa maneno: laki sita na elfu thelathini tu. Maneno yale hayakuwekwa kwa urembo. Tarakimu hubadilishana mkono ukiwa na haraka, lakini hakuna mkono ulioteleza ukaandika laki tatu na elfu sitini ukikusudia laki sita na elfu thelathini. Ukiwa na shaka kati ya tarakimu na maneno, anza kwa kuyaamini maneno, kisha uthibitishe kwa kitabu alicho nacho mwanachama.

La pili liko kwenye mikopo. Mvuvi mmoja alirejesha Sh. 225,000 za mkopo wake wa mashine ya boti. Fedha zimeandikwa sawa, lakini kwenye kadi yake ya mkopo rejesho limeingia debiti badala ya krediti. Debiti imezidi kwa 225,000 na krediti imekosa 225,000, jumla ya upotofu ni Sh. 450,000. Itazame kadi yenyewe: siku aliyolipa, deni lake limepanda. Hiyo ndiyo dalili ya kosa la upande. Deni la mtu halipandi kwa sababu amelipa. Ukipitisha jicho kwenye safu ya masalio ukaona limepanda mahali ambapo maelezo yanasema "rejesho", umelipata bila hata kugawa kwa 2.

La tatu liko kwenye gharama. Pango la ofisi ni Sh. 180,000 kwa mwezi. Fedha za mwezi wa Mei zimetoka, daftari la fedha linaonyesha, hati ya malipo ipo na sahihi ya mwenye nyumba ipo. Lakini kwenye akaunti ya pango hazikuingia kabisa. Debiti imepungua Sh. 180,000. Dalili yake ni kuhesabu tu: miezi sita, mistari mitano.

Sasa angalia yanavyochanganyika. Makosa mawili ya kwanza yanaifanya debiti iizidi krediti kwa 270,000 na 450,000, jumla 720,000. La tatu linavuta kinyume kwa 180,000. Kilichobaki ni 540,000, na humo huoni hata moja ya yale matatu.

Kusahihisha ni kwa ingizo la jonali, si kwa kufuta. Usipake wino mweupe juu ya kosa, wala usichane ukurasa. Kosa la kwanza: debiti akaunti ya kusubiri 270,000, krediti akiba ya mwanachama 270,000. Salio la kusubiri, lililokuwa krediti 540,000, linashuka mpaka krediti 270,000. Kosa la pili: debiti akaunti ya kusubiri 450,000, krediti mkopo wa mvuvi 450,000. Mbili za 225,000, kwa sababu ya kwanza inaondoa debiti iliyoingia kimakosa na ya pili inaweka krediti iliyokosekana. Na hapa salio la kusubiri linafanya jambo linalowatisha wageni wa kazi: linavuka upande. Lilikuwa krediti 270,000, sasa ni debiti 180,000. Mtu asiyejua hudhani amekosea kusahihisha, akarudi kufuta kazi nzuri aliyoifanya. Wewe usiogope. Salio likivuka upande, linakuambia bado kuna kosa jingine linalovuta kinyume na yale uliyokwisha kuyapata. Kosa la tatu: debiti pango 180,000, krediti akaunti ya kusubiri 180,000. Salio ni sifuri. Urari unakaa kwa Sh. 68,130,000 kila upande, na akaunti ya kusubiri inafungwa.

Kila ingizo la jonali liandikie tarehe, namba ya stakabadhi au hati inayohusika, na sababu kwa sentensi moja iliyonyooka: "Kusahihisha akiba iliyoandikwa 360,000 badala ya 630,000." Kisha apitishe mtu mwingine, asiwe wewe uliyeandika. Kesho na keshokutwa hutakuwepo kueleza.

Sasa turudi kwa ushauri wa mwenzako. Tuseme karani wetu angemsikiliza. Mwaka ungeisha, salio la krediti 540,000 limekaa tu, na mtu angesema: "Hii ni krediti, basi ni faida, ipelekwe mapato mengineyo." Nimeona likitendeka hilo zaidi ya mahali pamoja. Hesabu ziada yake. Mapato yangeongezeka 540,000 ambayo hayapo. Gharama ya pango ya 180,000 isingeandikwa. Ziada ya chama ingevimba kwa Sh. 720,000. Na 720,000 hiyo ni ya nani? Ni 270,000 ya akiba ya yule mama, na 450,000 ya mvuvi aliyedaiwa zaidi ya deni lake. Kila shilingi. Chama kingekaa mkutano mkuu, kikapiga makofi, kikagawana gawio kwa fedha za wanachama wake wawili, bila mtu hata mmoja kunyoosha mkono kuiba. Ndiyo sababu nasema tofauti isizikwe. Ina mwenyewe, na mara nyingi mwenyewe ni mtu asiyejua kusoma leja.

Na mficha maradhi, kilio humuumbua. Siku yule mama anapokuja kutoa akiba yake yote na kitabu chake mkononi, leja inamkatalia 270,000. Siku mvuvi anapoitwa mdaiwa sugu hali ana stakabadhi zake zote kwenye mfuko wa nailoni. Hapo hakuna atakayesikia habari za urari. Watasema chama kinakula fedha za watu, na kesho yake foleni ya kutoa akiba itafika barabarani.

Nikuonye na jambo la pili, maana ukishaiondoa tofauti utajiona umemaliza. Akaunti ya kusubiri ikiwa sifuri, haikuhakikishii kwamba vitabu ni safi. Inashika makosa ya upande mmoja tu. Akiba ya Bakari Juma ikiingizwa kwa Juma Bakari, debiti ipo, krediti ipo, urari unakaa kimya. Na pwani hii yetu unajua majina yanavyogeuzwa baba na mwana. Stakabadhi isipoandikwa popote, urari unakaa. Mashine ya boti ya chama ikiandikwa gharama za matengenezo badala ya mali, urari unakaa. Makosa mawili ya kiasi sawa yakivutana, urari unakaa. Haya huyapati kwa kugawa kwa 9. Unayapata kwa kulinganisha kadi ya leja na kitabu cha mwanachama, kwa kutumia namba ya uanachama badala ya jina peke yake, na kwa kufanya usuluhishi wa benki kila mwezi.

Najua utaniambia, "Baba, siku hizi ni kompyuta, haikubali ingizo la upande mmoja." Kweli haikubali. Lakini ukiingiza masalio ya mwanzo yasiyolingana, mfumo kama Tally utakuonyesha kwenye mizania mstari wa `Difference in opening balances`, na huo ni urari uliokataa kukaa, kwa vazi jipya. Halafu kuna fedha zinazoingia benki au kwa simu bila namba ya mwanachama. Huwezi kukataa kwamba zimeingia, na hujui ni za nani. Hizo nazo huwekwa akaunti ya kusubiri, na ni halali kabisa, kwa sharti kwamba uzihesabu kuwa deni la chama mpaka mwenyewe apatikane. Zifungulie akaunti yake mbali na ile ya tofauti ya urari, maana ukizichanganya zitafichana. Kila kiasi kiandikie tarehe, namba ya kumbukumbu ya muamala, na ulichokwisha kufanya kumtafuta aliyetuma.

Lakini kuna vitu usikubali viingie humo hata ukiamriwa. Masurufu ambayo mjumbe wa bodi alichukua kwenda safari na hajarejesha hati zake, hayo si ya kusubiri. Aliyechukua anajulikana, kiasi kinajulikana, ni deni lake, liandikwe kwa jina lake. Upungufu wa fedha mkononi alioshindwa mtunza fedha kuueleza, nao una mahali pake na una mtu wa kuulizwa. Wakubwa hupenda akaunti hii kwa sababu haina jina la mtu. Wewe ipe kila mstari jina na tarehe, utaona wanavyopungua hamu nayo.

Mkaguzi akija, awe wa COASCO au mwingine, hatakushangaa kwa kuwa na akaunti ya kusubiri mwezi Julai. Atakuuliza iliyobaki humo ni ya lini. Kiasi cha wiki mbili kina maelezo. Kiasi cha miaka mitatu kina maswali, kwa sababu waliokuwepo wamehama, stakabadhi zimeliwa na mchwa, na wino wa kaboni umefifia kwa joto na unyevu wa huku kwetu. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu zihifadhiwe angalau miaka 5. Sanduku la hati usilichome moto kwa sababu ofisi ni finyu. Ndilo shahidi wako wa pekee siku tofauti ya zamani itakapoibuka.

Basi nisikilize, mwanangu, kisha nikuache ukafanye kazi. Urari ukikataa, fungua akaunti ya kusubiri leo, usione haya. Andika kiasi, tarehe na jina lako. Mwambie mwenyekiti kwa maandishi kwamba ipo. Tenga saa kila siku ya kutia tiki mpaka iishe, na usifunge mwaka nayo ikiwa bado hai bila kuieleza wazi kwenye taarifa ya mkutano mkuu. Usiipeleke kwenye mapato, usiipeleke kwenye gharama, na anayekuomba ufanye hivyo mwombe aweke ombi lake kwa maandishi na sahihi. Ile Sh. 540,000 haikuwa ya chama wala ya karani. Yako nayo ina mwenyewe. Rudi ofisini ukamtafute.